Kamusi Iliyoshonwa

Kazi yangu ni kutoa kopi. Nina kibanda mjini, Mwembesongo, na mashine mbili, moja nzima na nyingine ya kubembeleza, na nimetazama karatasi za watu kuliko nilivyotazama nyuso zao. Mtu akinipa kitabu, kabla sijasoma neno nakipindua, nachungulia mgongo, nanusa gundi, nainua ukurasa mmoja kwenye mwanga nione kama maandishi ya nyuma yanapenya. Wengine husema nina kiherehere. Waseme. Ndiyo sababu dada yangu alinikabidhi mimi habari ya kamusi ya mwanawe.

Dada analima huko mlimani Matombo, ndizi na karafuu na iliki kidogo. Binti yake alipokuwa shule ya msingi alikuwa na mdomo wa ajabu. Angesimulia mambo ya njiani tu, mbuzi wa jirani na mlevi wa jana, na watu wazima wakaacha kumenya ndizi wakamsikiliza. Darasa la saba alifaulu vizuri, kwa sababu aliulizwa kwa Kiswahili. Kisha akapelekwa sekondari moja ya serikali yenye hosteli, nisiyotaka kuitaja, na huko akakuta biolojia, jiografia, historia, vyote kwa Kiingereza. Likizo ya kwanza alirudi kama mtu aliyeng'olewa ulimi. Ukimuuliza shule ikoje, anasema nzuri. Neno moja, basi.

Dada hakuficha msimamo wake. Alisema mbele ya mtoto kwamba akifeli mtihani wa kidato cha pili hakuna kurudia darasa, atarudi kuchuma karafuu, kwani mashamba nayo yana kazi. Sikumlaumu sana, maisha ya mlimani hayana mchezo. Lakini yule mtoto nilimpenda kuliko nilivyojua kuonyesha, na nilitaka afaulu hata kama ni kwa ukaidi tu.

Alinipa kitabu chake cha biolojia nikitazame. Alikuwa amepiga mstari kwa penseli chini ya kila neno asilolijua. Ilikuwa rahisi zaidi kutafuta maneno yasiyo na mstari.

Kumbe kamusi alikuwa nayo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na katika mambo yake neno la mjomba huwa zito. Kaka yetu alikuwa amempa kamusi aliyosomea yeye mwenyewe zamani, kwa majivuno, na hakutaka kusikia kwamba inahitajika nyingine. Nikachukua ukurasa mmoja wa biolojia nikaanza kutafuta mbele yake. Neno wanalotumia kwa seli ya kiumbe lilikuwemo, lakini maelezo yake yalikuwa ni chumba cha gereza na chumba cha mtawa, basi. Neno la tishu likawa kitambaa chepesi. Maneno mengine hayakuwemo kabisa. Nikamwonyesha. Kaka akaifunga kamusi yake, akasema kamusi ni kamusi, na kama kichwa ni kigumu utabadilisha vitabu mpaka lini. Mtoto alikuwa amekaa pale pale. Aliangalia vidole vyake vya miguu mpaka mjomba alipoondoka.

Niliporudi mjini nilianzia kando ya barabara, kwa muuza vitabu wa chini, mwanaume wa makamo anayepanga bidhaa zake juu ya turubai karibu na soko. Nilimwambia ni ya mtoto wa kidato cha kwanza, akanichomolea kamusi yenye jalada linalong'aa. Nyepesi, nzuri mkononi. Nikaifungua, na sikuhitaji hata kuvaa miwani. Ilikuwa kopi ya kopi. Kila ukurasa ulikuwa na kivuli cheusi upande wa ndani, pale mtu alipokilalisha kitabu halisi juu ya kioo bila kukibana vizuri, na mwanzo au mwisho wa kila mstari ulikuwa umemezwa na kivuli hicho. Herufi ndogo zilikuwa zimejaa wino, e na c na o zote sawa. Kwa kitabu cha hadithi ungekisia. Kamusi unaifungua ili ujue neno linaandikwaje, sasa utakisia nini?

Nikaendelea kupekua. Katikati fungu zima la kurasa lilikuwa limejirudia, na fungu lililopaswa kufuata halikuwemo. Nikamwambia muuzaji kwamba herufi ya S imeliwa nusu. Alicheka.

"Sista, huyo ni wa kidato cha kwanza," alisema. "Mpaka afike herufi ya S si atakuwa ameshaolewa?"

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha nikamtupia kamusi yake juu ya turubai. Hata hakuchukia. Alisema nitarudi, wote hurudi.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imeuza madaftari na vitabu mjini tangu enzi za babu yake. Huwa nachukua kwake karatasi za mashine. Ni mtu wa swala tano na ulimi mkali, na anawadharau wateja wake wote kwa usawa, jambo ambalo mimi naliona ni aina ya haki. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Nikamweleza nataka kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya mwanafunzi wa sekondari. Akauliza kama nataka ya kusomea au ya kumnyamazisha mtoto, kwa sababu wengi hununua ya kunyamazisha.

Alinipangia nne juu ya meza ya kioo. Ya kwanza niliikataa mwenyewe. Ilikuwa ndogo ya mfukoni, pande zote mbili, Kiingereza kwenda Kiswahili na Kiswahili kwenda Kiingereza, na kwa sababu ilitaka kufanya yote haikufanya hata moja. Ilijua kuagiza chai na kuuliza njia ya kwenda hifadhini. Ya kitalii.

Ya pili ilinipendeza. Jalada jipya, mwaka wa karibuni umeandikwa nyuma ya ukurasa wa jina. Mzee akaniachia niifurahie kidogo, kisha akaweka ukucha juu ya mstari mwingine, ulioandikwa kwa herufi ndogo zaidi. Mwaka ule ulikuwa wa chapa. Toleo lilikuwa lile lile la zamani. Maana yake walikuwa wamepiga tena kurasa zile zile, bila kuongeza neno wala kusahihisha, wakabadilisha nguo ya nje. Nikatafuta neno la seli. Gereza na utawa, kama ile ya kaka yangu.

Akasema watu wanaangalia mwaka, hawaangalii toleo, halafu mtoto akifeli wanasema amerogwa.

Ya tatu na ya nne zilikuwa toleo jipya, kamusi ile ile moja kwa maneno yake. Nilitoa kitabu cha biolojia kwenye mkoba nikashinda pale sehemu kubwa ya asubuhi, nikitafuta kila neno lenye mstari wa penseli katika kurasa kadhaa, kisha nikaazima kitabu cha fizikia kutoka kwenye rafu yake na cha jiografia, nikafungua popote na kutafuta tena. Sikuangalia tu kama neno limo. Niliangalia kama maana ya darasani imo pamoja na ile ya mtaani, kama neno lilitungiwa sentensi ya mfano, kama imeelezwa ni nomino au kitenzi. Karibu yote yalikuwemo. Seli ilikuwa seli. Mzee aliwahudumia watu wa rula na gundi, akapita mara mbili kuniuliza kama niletewe kitanda.

Tofauti ya zile mbili ilikuwa mwili. Ya tatu ilikuwa ya jalada laini, kurasa zimekatwa moja moja na kubandikwa mgongoni kwa gundi. Ya nne ilikuwa ya jalada gumu, bluu, kurasa zimekunjwa mafungu mafungu na kushonwa kwa uzi. Ukiifungua katikati ya fungu unauona. Karatasi yake ilikuwa nzito na haipenyezi, herufi zake zilikuwa wazi kwa mtoto anayesomea taa ya sola, na upande wa ndani waliacha nafasi pana ili maneno yasizame kwenye mgongo. Mzee aliona nimesita, kwa maana bei ya ile ya nne ilinizidi. Akaichukua ile ya gundi, akaikunja kinyumenyume, ikalia kwa ndani kama biskuti. Kisha akaichukua ya nne, akaishika kwa kurasa chache tu za katikati, akaiacha yote ining'inie kutoka mkononi mwake, akaitikisa. Hakuna kilichotoka.

"Hii unaweza kuitundika mwaka mzima," alisema.

Niliinunua. Kibandani niliivalisha nailoni ngumu inayoonyesha ndani, ile ninayowavalishia wateja vyeti vyao, nikaikaza pembe zote jasho na mvua zisiingie. Naweza kusema sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Binti alipopita mjini kuelekea shule nilimpa. Aliipokea kwa mikono miwili, mikono ikashuka kidogo.

"Nzito, mama mdogo," alisema.

Nikamwambia atazoea. Akafungua neno la kwanza, akasoma, akafungua la pili, kisha nikamsahau, kwa sababu wateja walikuwa wamejaa. Nilipogeuka alikuwa bado anasoma, amekaa juu ya boksi la karatasi, na midomo yake ilikuwa inacheza. Alianza kunihadithia jinsi jani linavyojipikia chakula, kwa Kiswahili, kwa ule mdomo wake wa zamani, mpaka mteja mmoja akaacha kuhesabu kopi zake akasikiliza. Siku hiyo nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Katikati ya muhula nilipanda kwenda kumwona, nimebeba sukari na mafuta ya kupaka. Mvua zilikuwa zimeikata barabara na nilifika na matope mpaka magotini. Wanafunzi walikuwa wamepanga mstari bombani. Nikamwona mvulana mmoja mrefu ana kitu kifuani, kimening'inia kwa kamba ya katani shingoni mwake, kila akiinama kuchota maji kinamgonga kidevu. Kilimeta juani. Nikaitambua nailoni yangu kabla sijakitambua kitabu.

Wanaoishi na watoto wa sekondari wanaujua utaratibu huu. Shuleni ni Kiingereza tu, na anayenaswa akiongea Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Hawezi kukivua mpaka amnase mwenzake, amvishe. Atakayelala nacho hufagia vyoo kesho yake. Hivyo watoto wanaviziana mpaka kwenye ndoto. Yote hayo niliyajua. Kilichonishinda kuelewa ni kwa nini kibao kilikuwa kamusi.

Mwalimu wa nidhamu alinipokea ofisini kwake. Kijana, shati limepigwa pasi, sauti ya upole sana. Ukutani kwake palikuwa na tangazo la kuwataka wageni nao waongee Kiingereza, lakini mimi alinionea huruma, akaongea Kiswahili. Alieleza kwamba binti yangu alinaswa usiku bwenini akiwasimulia wenzake somo la biolojia kwa Kiswahili, kamusi ipo mapajani, wasichana wamemzunguka. Siku hiyo kibao kilikuwa kimevunjika. Mwalimu akaitazama ile kamusi, akaona nusu yake ni Kiswahili. Kama anakipenda Kiswahili chake, akibebe. Ikapelekwa kwa fundi seremala, ikatobolewa kwa keekee kwenye pembe ya juu, kuanzia jalada hadi jalada, ikatiwa kamba.

Alinieleza haya kama mtu anayeeleza uvumbuzi. Nilimwambia kitabu kile ni cha mtoto, nilikinunua asome, si cha kuvishwa watu kama kengele ya ng'ombe. Nilimwambia nitakwenda kwa afisa elimu. Nilisema kwa sauti ambayo watu wa nje walisikia. Yeye alisubiri nimalize.

"Mama, nakushukuru sana," alisema. "Vibao vilikuwa vinapasuka kila masika. Hii haipasuki."

Akaongeza kwamba kwenda kwa afisa ni haki yangu, na kwamba mtoto atabaki hapa hapa nikishaondoka. Kisha akasema yeye si mtu mbaya. Nikileta kamusi nyingine, yoyote, nitachukua hii. Shule haihitaji kamusi nzuri, inahitaji kitu cha kutundika.

Akamwita binti. Aliingia, akasimama wima, akanisalimia kwa Kiingereza. Tangu ajue kusema hakuwahi kuniona asiniambie shikamoo, na sasa alisimama mbele yangu, mama yake mdogo, akanipa salamu ya kutoka kitabuni, macho ukutani. Mwalimu akamsifu. Shingoni, chini ya kola, alikuwa na alama nyekundu ya kamba pande zote mbili.

Nilimtoa mpaka nje ya uzio, nyuma ya migomba, na hata huko aligeuka mara kadhaa kabla ya kufungua mdomo. Akasema shikamoo mama mdogo, kwa kunong'ona. Nikamuuliza kama anaisoma kamusi. Akasema saa ngapi? Mchana iko shingoni kwa mtu na usiku iko shingoni kwa mtu. Wenzake wanaiita kwa jina lake. Mtu akivishwa husema amevishwa yule mtoto wa Matombo, na wakishaivua humtemea yeye mate, kwani ndiye aliyeileta. Zamani kibao kilikuwa chepesi, alisema, hukisikii. Hii ukilala nayo asubuhi shingo haigeuki.

Nilimwambia kwamba nitamchukua, tuondoke naye sasa hivi na vyombo vyake. Nilimaanisha. Akatikisa kichwa haraka. Akisharudi nyumbani mama hatamrudisha tena, na karafuu zimekomaa. Anataka kufanya mtihani. Akanishika mkono, akaongea taratibu kama ananifundisha mimi.

"Lete nyingine, mama mdogo. Hii nitaisomea kwa kujificha. Ila hiyo nyingine iwe nyepesi, kwani na mimi huwa navishwa."

Kesho yake asubuhi sikufungua kibanda. Nilikwenda moja kwa moja kwenye turubai la kando ya barabara. Yule muuzaji aliniona tangu mbali akaanza kutabasamu, na nilipofika alininyooshea tu ile kamusi yenye jalada linalong'aa, ile ile, naijua kwa pembe iliyokunjika nilipoitupa.

Nilimwambia anipe na nyingine nilinganishe. Akanipangia zote alizonazo. Nikachutama pale, nikaziangalia moja moja kwa umakini ule ule nilioutumia dukani kwa mzee. Nilinusa gundi, nikatafuta iliyo dhaifu zaidi. Niliinua karatasi kwenye mwanga, nikachagua ile inayopenya. Niliyokuwa nayo mwishoni ilikosa kurasa nyingi kuliko zote, na ndiyo maana ilikuwa nyepesi kuliko zote.

Muuzaji akaniuliza kama ni ya yule mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Nikasema ndiyo. Nikavua kamba ya mkoba wangu, nikaifunga kamusi, nikaitundika shingoni mwangu mbele za watu, nikainama kama mtu anayechota maji. Iligonga kidevu, lakini haikuuma. Nikamwambia hii itafaa.